Elektroni Haisubiri Fotoni ya Pili

Chukua bamba la zinki, ulisugue kwa msasa mpaka ling'ae, uliweke juu ya elektroskopu ya jani la dhahabu, kisha ulichaji kwa umeme hasi. Jani litainuka na kubaki limeinuka. Sasa limulike bamba hilo kwa balbu ya kawaida. Jani halitikisiki. Sogeza balbu karibu, ongeza ya pili na ya tatu, leta hata taa kubwa ya gari: jani limetulia vilevile. Kisha washa taa ndogo ya zebaki yenye ganda la kwatzi, ile inayotumika kuulia vijidudu, ambayo kwa macho ni hafifu mno. Baada ya muda mfupi jani linaanza kushuka. Ukipitisha kioo cha dirisha kati ya taa na bamba, jani linasimama pale lilipofika. Ukikiondoa, linaendelea kushuka. Na ukilichaji bamba kwa umeme chanya badala ya hasi, taa hiyohiyo hailifanyi kitu. (Anayelifanya jaribio hili asiitazame taa hiyo moja kwa moja, kwa sababu mionzi yake huunguza macho.)

Jaribio lenyewe ni la zamani. Heinrich Hertz aliligusa bila kulitafuta mwaka 1887 huko Karlsruhe, Ujerumani, alipokuwa akichunguza mawimbi ambayo leo tunayaita ya redio. Aliona cheche katika kipokezi chake zinafupika kila anapokifunika kwa kisanduku. Hakulipuuza jambo hilo. Alijaribu kuweka kioo, akajaribu kwatzi, mpaka akajua kwamba kinachozuiwa ni mionzi ya urujuanimno iliyotoka kwenye cheche kubwa ya upande wa pili. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs alitumia bamba la zinki na elektroskopu, karibu kama nilivyoeleza hapo juu, akaona kwamba ni chaji hasi peke yake inayotoroka. J. J. Thomson aliitambua elektroni mwaka 1897, na miaka miwili baadaye alionyesha kwamba chembe zinazong'olewa na mwanga ndizo elektroni hizohizo.

Hapo likabaki swali ambalo bado linawasumbua watahiniwa wa fizikia, kuanzia kidato cha nne nchini Kenya hadi kidato cha sita Tanzania: ukiongeza ukali wa mwanga, je, elektroni hutoka kwa kasi zaidi? Jibu la kitabuni ni hapana. Hutoka nyingi zaidi, si kwa kasi zaidi. Jibu hilo ni sahihi kwa taa yoyote utakayoikuta nyumbani au maabara ya shule. Tatizo ni kwamba wengi hulikariri kama amri, bila kuambiwa kwa nini elektroni isipokee mwanga kidogo kidogo na kuuweka akiba mpaka ipate nguvu ya kutoka. Sababu ipo, inaweza kukadiriwa kwa namba, na ukiijua utajua pia ni wapi jibu hilo linapoacha kuwa kweli.

Aliyelipima jambo hili kwa mara ya kwanza kwa njia iliyoeleweka ni Philipp Lenard, mwaka 1902. Kifaa chake kilikuwa na bamba la metali ndani ya ombwe, na mbele yake elektrodi nyingine ya kupokea elektroni. Mwanga wa taa ya tao ulipolipiga bamba, elektroni ziliruka hadi kwenye elektrodi hiyo na mkondo mdogo wa umeme ukapita. Ili kupima kasi yao, aliifanya elektrodi pokezi iwe hasi, nayo ikaanza kuzisukuma elektroni zirudi zilikotoka. Volteji ya kuzuia ikipandishwa taratibu, elektroni za polepole hushindwa kwanza, kisha za kasi ya wastani, na mwishowe hata zile za kasi kubwa kuliko zote hazifiki. Mkondo ukikatika kabisa, volteji iliyosomwa hapo ndiyo kipimo cha nishati ya elektroni zenye kasi kubwa kuliko zote. Ikiwa mkondo umekatika kwenye volti 1, elektroni hizo zilikuwa na nishati ya elektroni-volti 1.

Lenard alibadilisha ukali wa mwanga kwa takribani mara elfu moja. Mkondo uliongezeka sambamba na ukali, kama mtu yeyote angetarajia, lakini volteji ya kuzuia haikusogea. Elektroni chache zilizong'olewa na mwanga hafifu zilikuwa na kasi ileile ya juu kama zile nyingi zilizong'olewa na mwanga mkali. Kilichoibadilisha volteji hiyo ni aina ya mwanga, si wingi wake.

Kwa watu wa wakati ule hili lilikuwa gumu kumeza, na hawakuwa wajinga. Mwanga ulikuwa umethibitishwa kuwa wimbi, na wimbi lenye ukali zaidi lina uga wa umeme wenye nguvu zaidi. Uga wenye nguvu zaidi huisukuma elektroni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo elektroni ilipaswa kutoka kwa kasi zaidi. Zaidi ya hapo, wimbi husambaza nishati yake sawasawa juu ya bamba zima, na kila atomu hupata sehemu ndogo tu. Hebu tuikadirie sehemu hiyo. Taa inayotoa wati 1 ya mwanga, ikiwekwa mita 1 kutoka kwenye bamba la sodiamu, huleta takribani wati 0.08 kwa kila mita ya mraba. Eneo la atomu moja ni kama 3 × 10⁻²⁰ ya mita ya mraba, kwa hiyo atomu inapokea jouli 2.4 × 10⁻²¹ kila sekunde. Kuitoa elektroni kwenye sodiamu kunahitaji elektroni-volti 2.3 hivi, yaani jouli 3.7 × 10⁻¹⁹. Gawanya, utapata sekunde 150 karibu. Kama mwanga ungemiminika taratibu hivyo, ungewasha taa na kungoja zaidi ya dakika mbili kabla elektroni ya kwanza haijatoka. Hakuna aliyewahi kuona kungoja huko. Ernest Lawrence na Jesse Beams walipopima ucheleweshaji mwaka 1928, waliukuta hauzidi nanosekunde 3.

Maelezo yalikuwa yameshatolewa mwaka 1905 na Albert Einstein, akiwa na miaka 26 na akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Alichukua namba ambayo Max Planck aliiingiza mwaka 1900 kueleza mwanga unaotolewa na vitu vya moto, nasi tunaiandika h. Planck aliitumia katika mabadilishano ya nishati kati ya mada na mwanga. Einstein akaenda mbali zaidi: akapendekeza kwamba mwanga wenyewe husafiri na kumezwa kwa mafungu yasiyogawanyika, na kila fungu lina nishati ya hf, ambapo f ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Jina fotoni lilikuja kuenea baadaye, baada ya mwaka 1926. Fotoni moja ikimezwa, nishati yake yote huingia kwa elektroni moja. Sehemu ya nishati hiyo hutumika kuitoa elektroni nje ya metali, na inayobaki ndiyo mwendo wake:

K = hf − W

Hapa K ni nishati ya elektroni yenye kasi kubwa kuliko zote, na W ni nishati ya chini inayohitajika kuing'oa elektroni kwenye metali ile. Elektroni nyingi hutoka na nishati iliyo chini ya K, kwa sababu hupoteza kidogo kwa kugongana njiani kabla hazijafika juu ya metali, au kwa sababu zilianzia katika hali ya nishati ya chini zaidi. Ukali wa mwanga haumo katika mlinganyo huo hata kidogo.

Tuupitishe mlinganyo huu kwenye sodiamu yenye W ya elektroni-volti 2.3. Kuna njia fupi ya kupata nishati ya fotoni: gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, jibu litakuwa katika elektroni-volti. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 una fotoni za elektroni-volti 1.91. Hazifikii 2.3, kwa hiyo hakuna elektroni itakayotoka, hata taa zikiwa mia. Taa ya zebaki hutoa mistari kadhaa ya rangi safi, na ndiyo sababu inapendwa maabarani. Mstari wa bluu wa nanomita 435.8 una fotoni za elektroni-volti 2.85, ukiondoa 2.3, elektroni inabaki na 0.55, nayo hutoka kwa kasi ya kilomita 440 hivi kwa sekunde. Mstari wa nanomita 365.0, ambao jicho haliuoni, una fotoni za elektroni-volti 3.40; elektroni inabaki na 1.10, mara mbili ya ile ya kwanza, na kasi yake inafika kilomita 620 hivi kwa sekunde. Nishati imezidi mara mbili lakini kasi imezidi kwa asilimia 40 tu, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa, wakidhani mara mbili ya nishati ni mara mbili ya kasi.

Sasa fikiria taa mbili zinazomulika sodiamu. Ya kwanza ni ya bluu na inatoa miliwati 1 ya mwanga wa nanomita 435.8. Hiyo ni zaidi ya fotoni trilioni 2,000 kila sekunde. Ya pili ni ya rangi hiyohiyo lakini ina miliwati 10. Fotoni zake ni mara kumi, na kila moja bado ina elektroni-volti 2.85 zilezile. Elektroni zitatoka mara kumi, kila moja ikiwa imelipiwa na fotoni moja. Fotoni nyingi kati ya hizo hazing'oi chochote: hurudishwa na uso wa metali, au elektroni iliyoimeza huelekea ndani badala ya nje, na nishati inaishia kuwa joto. Lakini kila elektroni inayotoka imetoka kwa fungu moja. Ndiyo maana wingi wa mwanga huonekana kwenye mkondo, na rangi yake huonekana kwenye volteji ya kuzuia.

Turudi kwenye bamba la zinki. Nishati ya kung'oa elektroni kwenye zinki ni kama elektroni-volti 4.3, kwa hiyo inahitaji mwanga wenye wimbi fupi kuliko nanomita 290 hivi. Balbu ya kawaida haina mwanga huo kwa kiasi cha maana, na hata ungekuwapo, kioo chake kingeuzuia. Taa ya zebaki yenye kwatzi hutoa nanomita 254, sawa na elektroni-volti 4.9 karibu, na kwatzi huipitisha. Hata jua la saa sita mchana Dodoma, kwa ukali wake wote, halisaidii sana hapa: tabaka la ozoni humeza karibu mionzi yote iliyo fupi kuliko nanomita 290 hadi 300, na kinachobaki kinaishia ukingoni mwa kile zinki inachohitaji. Msasa una kazi yake pia. Oksidi ikishafunika bamba, elektroni haziipiti kwa urahisi, na mwalimu aliyelisugua asubuhi huenda akalikuta limechoka mchana.

Tumefika mahali ambapo vitabu vingi husimama: fotoni moja, elektroni moja. Ni kweli, lakini kwa nini iwe moja? Hakuna kanuni inayoikataza elektroni kumeza fotoni ya pili. Sodiamu inahitaji elektroni-volti 2.3, fotoni mbili nyekundu za 1.91 zinaleta 3.82, tena na ziada. Kinachozuia ni muda.

Elektroni iliyomeza fotoni nyekundu ndani ya metali imepata nishati isiyotosha kutoka, na imezungukwa na elektroni nyingine nyingi sana. Inagongana nazo na kuzigawia nishati yake. Ndani ya femtosekunde chache hadi makumi kadhaa hali yake inakuwa kama ya wenzake, na nishati ile imekuwa joto la metali. Chukua sekunde 10⁻¹⁴ kama kipimo cha muda huo. Sasa jiulize fotoni ya pili itafika lini mahali hapohapo. Jua kali kabisa huleta wati 1,000 kwa mita ya mraba. Kwenye eneo la atomu moja hiyo ni chini ya fotoni 100 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya fotoni moja na inayofuata kuna zaidi ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Elektroni inaweza kuishikilia nishati kwa sekunde 10⁻¹⁴, na fotoni inayofuata inakuja baada ya sekunde 10⁻². Muda wa kusubiri ni mara trilioni moja ya uwezo wa kusubiri. Ni kama kujaza ndoo isiyo na kitako kwa tone moja kila wiki. Kuongeza taa mara kumi, mara mia au mara elfu hakupunguzi pengo hilo kiasi cha kuonekana. Makadirio haya ni ya mkono, maana elektroni za metali hazikai katika atomu moja, lakini pengo la mara trilioni haliwezi kuzibwa kwa kusahihisha tarakimu mbili tatu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo fundisho hili linapopaswa kuanzia darasani. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba ukali hauna athari, anabaki na sheria ya ajabu. Akiambiwa kwamba elektroni husahau nishati yake kabla fotoni ya pili haijafika, anaweza kujibu hata swali ambalo halikuwahi kutungwa.

Mlinganyo wa Einstein ulikaa miaka kumi bila uthibitisho wa kuridhisha, na aliyeuthibitisha hakuupenda. Robert Millikan wa Chuo Kikuu cha Chicago hakukubali kwamba mwanga unaweza kuwa mafungu, kwa sababu miale ya mwanga huingiliana kama mawimbi na hilo lilikuwa limeshaonekana mara nyingi. Akaamua kupima kwa uangalifu ambao haukuwahi kutumika kabla yake. Alichagua sodiamu, potasiamu na lithiamu, metali zinazotoa elektroni kwa mwanga unaoonekana, hivyo kumpa rangi nyingi za kujaribu. Lakini metali hizo huoza hewani mara moja, na hata katika ombwe la wakati ule uso wao ulichafuka upesi. Kwa hiyo ndani ya chombo cha kioo alifunga kisu cha kuzungushwa kwa sumaku kutoka nje. Kabla ya kupima, alikizungusha kisu kikachonga tabaka jembamba la metali, akageuza uso mpya kuelekea kwenye mwanga, akapima volteji ya kuzuia kwa kila mstari wa zebaki. Aliuita mtambo huo karakana ndani ya ombwe, na jina liliufaa.

Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1916, yalikuwa mstari ulionyooka. Weka masafa kwenye mhimili wa chini na volteji ya kuzuia kwenye mhimili wa wima, na nukta zote hujipanga. Mwinuko wa mstari huo ukizidishwa kwa chaji ya elektroni, ambayo Millikan mwenyewe alikuwa ameipima, unatoa h ya Planck. Tujaribu kwa namba zetu za sodiamu. Kutoka nanomita 435.8 hadi 365.0 masafa yanapanda kwa 1.334 × 10¹⁴ kwa sekunde, na volteji inapanda kwa 0.552. Gawanya, utapata 4.14 × 10⁻¹⁵. Zidisha kwa 1.602 × 10⁻¹⁹, utapata 6.63 × 10⁻³⁴, karibu kabisa na thamani inayotumika leo ya 6.626 × 10⁻³⁴. Ya Millikan ilikuwa 6.57 × 10⁻³⁴, chini kwa asilimia 1 hivi. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa sheria hii, na Millikan akapewa yake mwaka 1923.

Katika kazi hiyo kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka. Bamba na elektrodi pokezi kwa kawaida ni metali mbili tofauti. Zikiunganishwa kwa waya, kati ya nyuso zao huzuka volteji ndogo ya mgusano ambayo voltimita haiioni, na ukubwa wake ni tofauti ya nishati zao za kung'oa. Volteji hiyo hujiongeza kwenye ile unayoisoma, na ukifuata hesabu mpaka mwisho unakuta kwamba W ya bamba imefutika na ya elektrodi pokezi imechukua nafasi yake. Mwinuko wa mstari haubadiliki, kwa hiyo h iko salama. Lakini mwanafunzi anayesoma mahali mstari unapokata mhimili na kutangaza kwamba amepima W ya sodiamu, kwa kweli amepima ya metali iliyo mbele yake. Millikan alilijua hilo, ndiyo maana aliipima volteji ya mgusano kando na kuirekebisha. Elektrodi yake pokezi ilikuwa wavu wa shaba uliooksidishwa, ili isitoe elektroni zake yenyewe inapopigwa na mwanga uliorudi kutoka kwenye bamba.

Kuna kosa lingine linalohusu swali letu moja kwa moja. Anayepima kwa mara ya kwanza mara nyingi huona kwamba taa ikisogezwa karibu, volteji ya kuzuia inapanda kidogo, labda kwa sehemu ya kumi ya volti, naye hudhani ama Lenard alikosea, ama yeye ndiye aliyekosea. Sababu iko kwenye mkia wa mkondo. Mkondo haukatiki ghafla. Hupungua taratibu kuelekea sifuri, kwa sababu elektroni chache zina ziada kidogo kutokana na joto la metali. Galvanomita haioni chini ya kiwango fulani, na kile tunachokiita sifuri ni pale inapoacha kuona. Mwanga ukiwa mkali, mkia mzima hunenepa, na sehemu yake ya mwisho inayoonekana husogea mbele. Namna ya kutambua ni kuchora mkondo wote dhidi ya volteji kwa kila ukali, kisha kugawanya kila mchoro kwa mkondo wake mkubwa kabisa. Michoro ikilaliana, kasi haikubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa mita kuiona. Ikiwa hailaliani, kagua chujio la rangi kwanza. Chujio linalovujisha hata mwanga kidogo wa wimbi fupi, au dirisha la maabara lililoachwa wazi, huingiza fotoni zenye nishati kubwa zaidi, na hizo hupandisha volteji ya kuzuia kwa haki kabisa. Weka kipande cha kioo cha njano mbele ya mwanga wa njano: ikiwa volteji inashuka, kulikuwa na mwanga mwingine uliojipenyeza.

Lazima pia niseme kile ambacho jaribio hili halithibitishi. Mwaka 1969 Willis Lamb na Marlan Scully walionyesha kwamba mlinganyo wa Einstein unaweza kupatikana hata ukiuacha mwanga uwe wimbi la kawaida, mradi mada inayoupokea ifuate kanuni za kwanta. Uthibitisho wa fotoni ulipatikana kwingine: katika jinsi mionzi ya eksirei inavyogongana na elektroni, kama Arthur Compton alivyoonyesha mwaka 1923, na baadaye katika majaribio ambapo fotoni moja ilifikishwa kwenye njia panda na haikugawanyika kuwa mbili. Hilo haliondoi chochote kwenye swali la ukali na kasi. Linamwambia tu mwalimu asidai kutoka kwenye bamba la zinki zaidi ya bamba linavyoweza kutoa.

Sasa hoja ya muda inatuonyesha njia ya kulivunja jibu la kitabuni. Kama kizuizi ni fotoni ya pili kuchelewa, basi zilete fotoni kwa msongamano mkubwa kiasi kwamba ya pili ifike kabla ya ile ya kwanza kusahauliwa. Taa haiwezi, leza inaweza. Mwaka 1964, miaka michache tu baada ya leza ya kwanza, watafiti waliripoti elektroni zilizong'olewa kwenye sodiamu na fotoni mbili kwa pamoja, kwa mwanga ambao fotoni yake moja haikutosha. Leo leza za mapigo ya femtosekunde hufanya hivyo kwa kawaida: fotoni za nanomita 800, kila moja ikiwa na elektroni-volti 1.55, zinaweza kuing'oa elektroni kwenye shaba, ambayo inahitaji zaidi ya 4.5, kwa kushirikiana tatu au zaidi. Alama ya jambo hili iko kwenye mkondo. Kwa taa ya kawaida, ukali ukiongezeka mara mbili mkondo huongezeka mara mbili. Kwa fotoni mbili huongezeka mara nne, kwa fotoni tatu mara nane. Mtafiti makini huchora mstari huo kabla ya kudai chochote, kwa sababu leza kali pia huichemsha metali, na metali iliyochemka hutema elektroni kwa joto tu.

Na kasi? Hata hapo ukali unaweza kuiongeza. Mwaka 1979 Pierre Agostini na wenzake huko Saclay, Ufaransa, walielekeza leza kali ya kijani, nanomita 532, kwenye atomu za gesi ya zenoni. Zenoni inahitaji elektroni-volti 12.13 ili kuachia elektroni, na fotoni ya kijani ina 2.33, kwa hiyo tano hazitoshi na sita zinatosha, zikibakiza 1.85 hivi. Elektroni za nishati hiyo zilionekana, kama ilivyotarajiwa. Lakini kundi jingine lilionekana juu yake, likiwa na nishati zaidi. Elektroni hizo zilikuwa zimemeza fotoni ya saba, ingawa sita zilishatosha kuzitoa. Mwanga ulipokuwa mkali vya kutosha, elektroni zilitoka kwa kasi zaidi, na tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili ilikuwa elektroni-volti 2.33, nishati ya fotoni moja kamili.